Mwandishi wa Pili

Waithira aliiandika ile barua pepe mara sita, na mara zote sita akaifuta. Kumwandikia msimamizi wako kwamba jina lake lishuke na lako lipande si jambo la kufanya ukiwa na njaa, kwa hivyo alikula kwanza, akafunga dirisha la chumba chake cha kupanga pale Gitothua ili kelele za jirani zisimwingie kichwani, kisha akaandika mara ya saba.

“Daktari, habari za leo. Nimeona rasimu ya makala yetu ya mvua inasema ‘Opiyo na Waithira’. Naomba kwa heshima tubadilishe mpangilio. Ni mimi niliyeingiza siku zote za miaka sabini na mbili kwenye kompyuta, nikachambua, nikaandika rasimu ya kwanza. Nadhani aliyekusanya data ndiye anayestahili kutangulia. Pia unajua chuo hakinipi shahada ya uzamili bila makala moja ambayo mimi ni mwandishi wa kwanza, na muda wangu unaisha mwezi wa nane.”

Akabonyeza kutuma. Alikuwa na haki, na haki ikikaa sana tumboni huleta kidonda.

Dkt. Jeconia Opiyo hakuwa mtu mbaya. Ana mazoea tu ya kuweka jina lake mbele, kama watu wanavyoweka koti kwenye kiti cha kanisa. Jibu lilikuja kabla ya chai kupoa.

“Waithira, umesema kweli, wewe utangulie. Lakini sheria ni msumeno. Kama aliyekusanya data ndiye wa kwanza, nani alikusanya? Wewe ulinakili. Vile vitabu vya kumbukumbu za mvua vya Theta viliandikwa na mtu, na nikitazama picha zako za kurasa naona mwandiko mmoja. Wakiwa wengi, tutawashukuru mwisho wa makala. Akiwa mmoja, na yu hai, tutafikiria kumweka jina, hata mbele yako. Ila mwandishi lazima asome rasimu ya mwisho na aikubali. Nenda ukaulize.”

Waithira aliisoma mara mbili. Hata mbele yako! Hasira ilimpanda, halafu ikashuka ikamwacha na jambo baya zaidi. Mwandiko mmoja? Alifungua zile picha. Mwaka wa hamsini na moja, tarakimu 7 ilikuwa na kistari katikati. Mwaka wa themanini, kistari. Mwaka jana, kistari. Miezi minane alikuwa akizinakili na hakuwahi kujiuliza mkono gani hauzeeki.

Asubuhi alipanda bodaboda hadi Theta, rasimu iliyochapishwa ikiwa kwenye mkoba. Njiani alijiambia kwamba atasema wameandika wengi. Nani angejua?

Cucu Njambi, yule bibi mtunza vitabu, alikuwa uani, ameinama mbele ya kipimamvua. Ni mkebe wa shaba uliochimbiwa ardhini tangu pale pakiwa bado shamba la kahawa la Mzungu. Mzungu aliondoka, shamba likakatwakatwa viwanja, na Cucu akahakikisha kiwanja chake ndicho chenye mkebe. Alimimina maji kwenye glasi ya kupimia, akaiinua usawa wa jicho.

“Karibu, mwari. Ni saa tatu. Ngoja nihesabu.” Akahesabu mistari kwa sauti, polepole. “Kumi na nne. Jana ilinyesha vizuri.”

“Cucu, nimekuja kuuliza kitu kidogo. Hivi vitabu, nani huandika?”

“Baba.”

“Baba yako?”

“Ii. Ephantus Kagwe. Alikuwa karani wa mvua hapa.”

Waithira alitabasamu kwa shida. “Lakini Cucu, si ulisema alichukuliwa na askari wa Mzungu wakati wa Hali ya Hatari?”

“Hamsini na nne. Nilikuwa na miaka kumi na nne. Walimchukua asubuhi, kabla ya saa tatu. Hakurudi.” Mwanamke yule alisema hivyo kama anayeeleza bei ya sukari. “Nikaona mvua imelala kwenye mkebe na hakuna wa kuipima. Nikahesabu mistari kama alivyonionyesha, nikaweka kitabu mezani, nikaisema namba. Tukienda jikoni, tukirudi, imeandikwa.”

“Si wewe uliandika?”

Cucu alimtazama kwa huruma. “Mwari, wewe mwenyewe ulinishika kidole ukakitia wino.”

Hapo Waithira alikumbuka ile barua ya ruhusa ya kutumia vitabu, na alama ya kidole gumba chini yake. Cucu hakujua kuandika.

Waliingia ndani. Kitabu kilikuwa wazi mezani, kalamu ya wino kando, mstari wa siku ile mtupu. Cucu alisema kwa sauti, “Kumi na nne, Baba,” kisha akageukia mlango wa jikoni. “Kuja tunywe chai. Hapendi kuangaliwa.”

Waithira alitaka kucheka. Badala yake alitoa ile rasimu akaiweka kando ya kitabu. Hakujua ni kwa kiburi au kwa woga. Labda alitaka tu kumshika mwongo. Nyumba ilikuwa na mlango mmoja wa nje, na mtu akikaa jikoni anauona. Alikaa hapo na kikombe chake, macho mlangoni. Hakuna aliyeingia. Walisikia karatasi ikifunuliwa, ikanyamaza, ikafunuliwa tena.

“Leo anachelewa,” Cucu alisema. “Anasoma.”

Waliporudi, mstari wa siku ulisomeka 14.0, wino ukingali unang’aa. Rasimu ilikuwa imefunguliwa kwenye jedwali la pili, ukurasa wa sita. Na kwenye kitabu, katika safu ya maelezo ambayo kwa miaka yote haikubeba zaidi ya “radi” au “ukungu”, palikuwa na maneno.

“Aprili 9, 1952. Si 0.16. Ni 1.60. Mengine nimesoma, nimekubali. Msichana atangulie, amefanya kazi. Mimi baada yake. E. Kagwe.”

“Amesema nini?” Cucu aliuliza.

Waithira alimsomea kwa sauti, akarudia “amefanya kazi” mara mbili. Alitoa simu, akatafuta picha ya Aprili ya mwaka ule, enzi mvua ikipimwa kwa inchi. Inchi moja nukta sitini. Yeye ndiye aliyekosea, na hakuna binadamu mwingine aliyewahi kulinganisha. Alikuja na uongo mkobani wa kumfutia mzee huyu jina, na mzee amempisha. Akalia kwa aibu, waziwazi, mbele ya Cucu, ambaye alimwongezea chai.

Kabla ya kuondoka aliketi kwenye kiti cha pale mezani, akaandika kwa simu.

“Daktari, mwandishi wa vitabu ni mmoja. Naomba majina yawe Waithira, Kagwe, Opiyo. Ameisoma rasimu, amesahihisha kosa langu kwenye jedwali la pili, na ameukubali mpangilio kwa maandishi. Picha nimeambatisha.”

Jibu lilikuja akiwa bado hajainuka.

“Vizuri sana. Amesahihisha kosa ambalo hata mimi sikuliona. Jarida litataka anwani yake ili athibitishe. Na hukunijibu: yu hai?”

Waithira aliangalia ile kalamu. Cucu alikuwa ameiacha bila kifuniko, kama kila siku. Kisha akaandika jambo moja aliloweza kuliapia.

“Daktari, leo asubuhi ameandika mvua ya jana.”