Nyuzi za Haraka

Haraka haraka ina baraka, na anayebisha hajawahi kujikwaa kwenye ngazi akiwa na umri wa miaka sabini.

Mama Pasi alijikwaa. Alikuwa akishuka kutoka nyumbani kwake, ghorofa ya pili, kwenda kwenye duka lake la udobi lililo chini ya jengo hilohilo, ncha ya kandambili ikanasa kwenye ukingo wa ngazi. Aliona kila kitu. Aliona ukuta unapita, akapata hata nafasi ya kufikiri kwamba ukuta ule unadai chokaa. Mguu wa kushoto ulipewa taarifa kwamba unatakiwa mbele upesi. Ulikwenda. Ulipofika, mwenyewe alikuwa ameshatangulia chini.

Hakuvunjika kitu. Alivimba kiwiko, na paja likageuka rangi ya zambarau. Lakini mwanawe mkubwa, ambaye ukoo mzima ulimwita Bima, kwanza kwa kazi yake na pili kwa tabia yake, alifika hata kabla ya barafu kuyeyuka kwenye kitambaa.

"Mama, habari ya ngazi imekwisha," alisema.

"Ngazi haikunisukuma, mwanangu."

"Unahamia kwangu. Chumba kiko tayari."

Kweli kilikuwa tayari. Kilikuwa chini, hakina kizingiti, kimepakwa rangi ya maziwa, na vyuma vya kushikilia vilizunguka kuta zote, hata palipotakiwa kutundikwa picha. Mama Pasi alikuwa ameonyeshwa mara moja, akasema ni chumba kizuri sana kwa mgonjwa. Bima akashukuru.

Mama huyu alikuwa amefua mashuka ya nyumba za wageni kwa miaka mingi, akiyabeba mabichi hadi kuanika juu ya paa. Shuka bichi ni zito kama mtu asiyetaka kwenda shule. Kisha zikaja mashine, duka akamwachia mpwa wake, na Bima akatoa amri kwamba mama ameshafanya kazi ya kutosha. Tangu siku hiyo, akishika beseni linapokonywa. Kiti chake kiliongezwa miguu na seremala ili asipate taabu ya kuinama. Maji ya kunywa yalimfikia kabla ya kiu. Walimlea kama yai, na wakaendelea hivyo kwa miaka, bila mtu kukumbuka kwamba yai halina miguu.

Yeye alitaka kubaki juu ya duka lake, asikie mashine zikinguruma asubuhi na awakosoe wafanyakazi bila kupiga simu. Basi wakapatana. Daktari wa hospitali alishampima moyo na shinikizo la damu, akasema aende chumba cha mazoezi ya viungo. Baada ya miezi mitatu, kama hataweza kuinuka kwenye kiti cha kawaida bila kutumia mikono, na kupanda ngazi zake mwenyewe, atahamia kwenye rangi ya maziwa bila maneno.

Chumba cha mazoezi kilikuwa na vitanda vya plastiki ya bluu, kioo kirefu, mikeka, rafu ya vyuma vilivyopangwa kuanzia kitoto hadi kizee, na picha ya mtu aliyechunwa ngozi ili misuli ionekane, akitabasamu. Mtaalamu wake alikuwa binti mfupi ambaye wagonjwa walimwita Mnyapara, mbele yake.

Bima alihudhuria siku ya kwanza ili atoe maelekezo. "Asibebe kitu kizito," alisema. "Asichoke. Asitoke jasho."

"Na kupumua?" Mnyapara akauliza.

"Kupumua apumue."

Mnyapara alimgeukia mama. "Shikamoo, mama. Na wewe unasemaje?"

"Marahaba, binti. Mfuate tu anavyosema. Nilimzaa kwa shida, sitaki kumpoteza kwa ubishi."

Kwa hiyo wakaanza kwa raba laini ya kuvuta, ambayo hata mtoto mchanga angeivuta na kuomba nyingine. Zaidi ya hapo, kila jioni Bima alikuja na viatu vya michezo, akamtembeza mama kuuzunguka uwanja. Mama Pasi akawa hodari wa kutembea. Alimzungusha Bima mpaka Bima akaanza kutafuta visingizio vya mvua.

Muda ulipofika nusu, Mnyapara alimkalisha kwenye kiti cha kawaida, mikono imekunjwa kifuani. "Simama, mama."

Mama Pasi aliinama mbele, akakaza uso. Makalio yaliachana na kiti kwa upana wa kitabu chembamba, yakatafakari, yakarudi.

"Kiti hiki kibovu," akasema.

"Kiti kizima."

"Lakini natembea! Muulize mwanangu, yuko nyumbani ameloweka miguu."

Mnyapara alivuta kigoda, akakaa mbele yake. "Msuli una nyuzi za aina mbili, mama. Kuna za polepole, hizo zinakusimamisha na kukutembeza siku nzima bila kunung'unika. Na kuna za haraka. Hizo zina nguvu nyingi na huchoka upesi, lakini ndizo zinazokuinua kwenye kiti na kuupeleka mguu mbele ukijikwaa. Msuli huanza kupungua taratibu tangu mtu akiwa kijana wa makamo. Akivuka sitini unapungua kwa kasi zaidi, na nyuzi za haraka ndizo zinazosinyaa zaidi."

"Kwa nini hizo? Zimemkosea nani?"

"Kila kikundi cha nyuzi kinaamriwa na neva moja kutoka kwenye uti wa mgongo. Ukizeeka, baadhi ya neva hizo hufa. Nyuzi zake zinabaki hazina wa kuziamuru."

Mama Pasi alifikiri kidogo. "Kama msimamizi wa zamu amefariki, na vibarua wamesimama mlangoni."

"Ndivyo. Wengine huchukuliwa na msimamizi wa jirani, na mara nyingi jirani huyo ni wa polepole. Anawafundisha mwendo wake. Wasiochukuliwa na mtu wanakwisha."

"Na waliobaki na msimamizi wao?"

"Hao wapo, ila wamelala. Mwili ni bahili, mama. Kazi ndogo unaipa nyuzi ndogo za polepole. Za haraka unaziita mwisho kabisa, mzigo ukiwa mzito au ukitakiwa kusukuma kwa nguvu na upesi. Kutembea ni kuzuri kwa moyo, lakini za haraka hakuna anayezigongea mlango. Wewe hujaziita tangu uliponyang'anywa beseni."

Mtu aliyechunwa ngozi aliendelea kutabasamu.

"Ulijua haya siku ya kwanza?" Mama Pasi akauliza.

"Nilijua. Ulisema nimfuate yeye."

"Na leo ukinifuata mimi?"

"Nitakubebesha vyuma. Sikudanganyi, neva iliyokufa hairudi. Lakini nyuzi zilizobaki zinanenepa na kupata nguvu hata kwa mtu wa miaka tisini. Kuzeeka hakusimami, kunapunguzwa mwendo."

"Nibebeshe."

"Na Bima?"

"Bima ni mwanangu, si mume wangu."

Maneno makali. Jioni hiyo, Bima alipouliza mazoezi yalikwendaje, mama alijibu, "Tunavuta raba tu, mwanangu," akakaza kamba za viatu.

Walianza na mzigo mdogo mpaka mwendo ulipokaa sawa, kisha Mnyapara akaongeza, akaongeza tena. Kuna mashine ambayo mtu hukaa na kusukuma bamba kwa miguu. Kulikuwa na boksi la mbao la kukalia, nalo lilipunguzwa kimo kila mama alipolizoea. Sheria ilikuwa moja: kupanda kwa nguvu na upesi, kushuka taratibu, na marudio ya mwisho yawe yale ambayo mtu anayaonea shaka. Kama aliweza kupiga soga huku akinyanyua, chuma kilibadilishwa.

"Binti, una mama wewe?"

"Ninaye. Anabeba kikubwa kuliko hiki. Simama."

Siku iliyofuata mapaja yaliuma, akapumzishwa. Aliambiwa ale mayai, maharage au samaki katika kila mlo, kwa sababu msuli wa mzee ni mzito wa kusikia: chakula kilekile kinachojenga kijana, kwake kinahitaji kuongezwa na kusindikizwa na kazi. Baada ya wiki chache alijiona ana nguvu, akajipima paja kwa utepe wa fundi cherehani, akakuta ni lilelile.

"Umeniibia," alimwambia Mnyapara.

"Kwanza neva zinajifunza kuita watu kazini. Nyama inakuja nyuma. Simama."

Siri ilidumu mpaka Bima alipoleta sweta. Aliona mawingu ofisini kwake, akamfikiria mama, akaja hospitali bila taarifa. Alifungua mlango wa chumba cha mazoezi akamkuta mzazi wake ameketi kwenye boksi fupi, amekumbatia chuma kifuani kama mjukuu, na binti mfupi akimpigia kelele, "Upesi! Juu!"

Mama Pasi akasimama.

"Mnamuua!" Bima alisema.

"Bado mara mbili," Mnyapara akajibu.

Bima alimpokonya mama chuma, kwa mazoea. Mkono ukashuka nacho kuliko alivyotarajia. "Hiki ndicho anachobeba? Mtu wa umri huu?"

"Kaa nacho, ujaribu," mama akamwambia. "Pale nilipokuwa."

Bima alikaa kuthibitisha hoja yake, ingawa hakuna aliyejua hoja ni ipi. Boksi lilikuwa fupi, na ofisini viti vyao vina magurudumu. Alijaribu kuinuka, akarudi. Akajaribu tena, tai ikatangulia. Akakaa pale na chuma chake kama mtu anayesubiri basi. Mara ya tatu aliinuka, kwa sauti ambayo watu waliigeukia.

"Ulisema zinaanza kupungua mtu akiwa kijana wa makamo?" Mama Pasi akamuuliza Mnyapara.

"Ndiyo, mama."

"Basi mwandikishe."

Bima aliondoka na sweta.

Siku ya kipimo Bima alikuja. Mama alikunja mikono kifuani, akainuka kwenye kiti cha kawaida, akakaa, akainuka tena hadi Mnyapara aliposema inatosha. Kisha wakaenda wote watatu mpaka kwenye jengo la duka. Mama Pasi alipanda ngazi zake. Hakupanda kama msichana. Alishika reli ya ngazi, kwenye kona alisimama akavuta pumzi, na akasema ukuta huu aibu tupu. Akafika. Akafungua mlango kwa ufunguo wake.

Mnyapara aliaga, akamkumbusha vyuma haviachwi, kwani ukiacha, vibarua wanarudi kulala.

Wawili walibaki kwenye duka, jioni, katikati ya joto la pasi. Kulikuwa na shuka la kitanda kikubwa linalohitaji watu wawili kulikunja. Mama akashika pembe zake, Bima akashika zake.

"Umeshinda," Bima alisema. "Baki. Ahadi ni ahadi."

"Vuta vizuri, linajikunja."

Akavuta. "Lakini ulinidanganya, mama. Kila jioni natembea na wewe, nakuuliza, unaniambia raba. Mimi nilikuwa naogopa. Silali nikifikiria umelala chini ya zile ngazi peke yako."

"Najua ulikuwa unaogopa."

"Nimepaka rangi. Nimewaambia ndugu wote. Uniombe radhi tu, yaishe. Mimi mwanao."

Mama Pasi alimwangalia mtoto huyu aliyempenda mpaka karibu ammalize. Alisogea mbele, akaunganisha pembe zake na za Bima, akachukua shuka lote mikononi mwake.

"Jumatatu njoo na viatu, nitakupeleka kwa Mnyapara," alisema. "Kuhusu radhi, siombi."