Bei ya Kiwanja cha Jirani

Afisa mikopo ndiye aliyemshawishi mjomba wake, seremala, kuweka karakana rehani ili akope na kununua kiwanja. Uvumi wa kiwanda kipya ulikuwa umevipandisha bei viwanja vya bondeni, na kila mtu alinunua ili auze.

"Mjomba, utauza kabla hata riba haijakuuma."

"Mwanangu, mimi najua mbao, sijui viwanja."

"Jirani yako kauza kwa mara mbili ya bei aliyonunulia."

Hakumwambia kuwa mnunuzi wa kiwanja cha jirani naye alikopa palepale kwenye chama chao cha akiba na mikopo. Bei ilipopanda, dhamana ilionekana nono. Dhamana iliponona, mikopo ilikua. Mikopo ilipokua, wanunuzi waligombania viwanja na bei ikapaa tena. Ofisini walipeana mikono, wakaiita akili.

Kisha tajiri mmoja, wa mwanzo kununua, akauza vyote kimyakimya. Wanunuzi wakaanza kusitasita. Waliotegemea kuuza ili walipe wakakwama, chama kikapiga mnada viwanja vyao, na kila mnada ukashusha thamani ya kiwanja cha jirani, hata cha yule aliyekuwa akilipa vizuri.

Siku moja meneja aliwaonya wafanyakazi wafunge midomo: sandukuni mlikuwa na pesa kidogo, nyingi zilikuwa zimekopeshwa. Afisa mikopo akaingia chooni, akampigia dada yake.

"Kachukue akiba yako leo. Usimwambie mtu."

Dada akachukua. Akamnong'oneza msusi wake tu, na la msusi halilali. Kufikia mchana foleni ilikuwa imezunguka jengo. Kuna waliojipanga bila kujua kisa. Waliona wenzao wamejipanga, basi.

Ili kulipa foleni ile, chama kikaidai mikopo yote iliyopungukiwa dhamana. Mjomba alikuwa hajawahi kukosa rejesho hata moja, ila thamani ya kiwanja chake, nacho dhamana pamoja na karakana, sasa haikufika hata nusu ya deni. Akapewa wiki mbili alipe au aongeze dhamana. Alikiuza kwa bei ya kutupa, kama wenzake wote wiki ile, na bado deni likabaki. Karakana ikaenda.

Afisa mikopo alimkuta akifungua kwa bisibisi jiliwa, kile kibano cha kushikia mbao, kutoka kwenye meza yake ya kazi.

"Usijitese, mwanangu," mjomba alisema. "Tamaa ilikuwa yangu. Bila ile foleni ningepumua, lakini nani angejua kuwa itatokea?"

Afisa mikopo angeweza kunyamaza, dada asingesema.

"Foleni niliianzisha mimi, Mjomba. Nilimwambia Dada atoe pesa zake."

Bisibisi ikasimama. Mjomba akamtazama kama anayepima ubao uliopinda.

"Mimi hukunipigia."

"Wewe ulikuwa na deni, si akiba. Sikujua kuwa foleni itakufikia."

"Hukujua," akarudia, akampa mgongo, akaendelea na bisibisi. "Ondoka kidogo, mwanangu. Nitakuita."

Alitoka nje, akasimama kwenye vumbi la mbao, akasubiri kuitwa. Jua lilizama hajaitwa.