Mvua Ndani ya Mfuko wa Shati

Siku ya ukaguzi Mwalimu Geresom aliwahi darasani kabla ya jua kupanda, akakuta dirisha linang'aa kama kioo cha kinyozi. Mfuko wa maji alioubandika hapo haupo!

Hapo Mbale, kwenye shule ya watoto wa askari polisi, alikuwa amefundisha Darasa la Nne miaka sita bila cheti, na wakubwa hawakuuliza kitu. Mwaka huo ndipo walipoamka usingizini. Bwana mkaguzi atakuja saa tatu, wakasema, asikilize somo moja tu, la safari ya maji, kisha aamue: Geresom abaki na darasa au aende zake. Ndivyo walivyo. Somo wanachagua wao ofisini. Vifaa, mwalimu ajitafutie.

Naye alijitafutia. Alipanda basi mpaka Jinja, kwenye duka la Vallabh, ambako mashati mapya yalikuja ndani ya mifuko ya nailoni inayopitisha mwanga. Tangu mkewe Janepher afariki hakuwa amenunua shati.

"Mwalimu, unageuzageuza mfuko tu," Vallabh alimcheka. "Unataka shati ama mfuko?"

"Mfuko, bwana. Shati nalichukua nisionekane mwizi."

Nyumbani alitia kikombe kimoja cha maji na matone ya wino wa buluu. Akaukunja mdomo wa mfuko, akaubana katikati ya rula mbili za chuma, akapitisha ukingo kwenye mwali wa mshumaa mpaka nailoni ikashikana, hata pumzi isipenye. Akaubandika kwenye dirisha la darasa, upande wa jua la asubuhi, kwa plasta ya zahanati. Siku mbili watoto walikuwa wakiruka na kupiga kelele mbele yake. Na leo?

"Afande Ojok aliutoa jana jioni," alisema Margret, kiranja wa darasa.

Sajini Ojok ndiye msimamizi wa shule. Lakini Sajini alikuwa gwarideni, na gwaride la polisi halikatizwi, hata nyumba ikiungua. Geresom alisimama ukingoni mwa uwanja akihesabu kushoto-kulia, huku jua lake likipanda bure. Gwaride lilipokwisha, ilikuwa saa tatu kasorobo.

"Afande, mfuko wangu!"

"Ule uchafu? Mwalimu, dirisha ya serikali si kamba ya kuanika. Iko stoo, chini."

Mungu mkubwa, haukupasuka! Ila ulilala kwenye saruji baridi gizani, nao ulikuwa na maji ya buluu chini na juu mkavu kabisa. Geresom aliukimbiza darasani, akaubandika tena. Mara mkaguzi huyo, na daftari lake.

"Anza."

Geresom alianza. Alisema jua linapasha maji moto, maji yanageuka mvuke usioonekana, unapanda. Akageuka: mfuko mkavu. Akasema ule mvuke ukigusa nailoni iliyopoa kwa hewa ya chumbani, unarudi kuwa maji. Akageuka tena. Mkavu. Mkaguzi akatazama saa. Jasho likamshuka Geresom mgongoni ndani ya shati la Jinja.

"Mwalimu!" Margret akasimama bila ruhusa. "Ukungu!"

Kweli! Juu, upande wa chumbani, nailoni ilikuwa imepiga weupe kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Watoto wakapanda madawati. Ukungu ukawa nukta, nukta zikaungana zikawa matone, tone moja likalemewa, likateleza, likachora njia mpaka chini.

"Mvua! Mvua!"

"Kaeni!" Mkaguzi alisogea mpaka pua ikakaribia mfuko. "Mwalimu, umeutikisa wakati wa kuubandika. Haya ni maji yaliyoruka tu."

Geresom akaelekeza kidole kwenye mfuko.

"Yaliyo chini yana rangi gani, bwana?"

"Buluu."

"Na matone ya juu?"

Mkaguzi akainama tena. Matone hayakuwa na rangi yoyote, kama umande.

"Yangeruka, yangeruka na wino wake," alisema Geresom, sauti sasa imepata miguu. "Mvuke haubebi wino. Ndiyo sababu bahari ina chumvi na mvua haina. Ila huko angani hakuna nailoni; mvuke ukipanda juu ya mlima Masaba unakuta baridi, unakuwa wingu."

Mkaguzi alivuta kiti, akakaa hapo hapo dirishani, kalamu mkononi, kama mtoto mwingine wa Darasa la Nne.

"Hebu ngoja," alisema, "lile kubwa pale linataka kushuka."

Liliposhuka alipiga kelele pamoja nao. Kisha akaandika, akamgeuzia Geresom daftari asome mwenyewe: abaki na darasa lake. Na juu ya hayo, mstari wa kwanza kabisa, alikuwa amemsifu Sajini Ojok kwa usafi wa madirisha.