Lete ya Upande wa Tangi

Hakuitwa Kunguru kwa weusi wala kwa wizi. Kwa miaka kumi na moja alishinda juu, ndani ya kibanda cha kreni, na watu wa chini wakimtaka iliwabidi wapinde shingo kama wanaotafuta ndege.

Asubuhi ile alipofika kwenye jengo alimkuta shemeji yake, mume wa dada yake, ameshika redio ya mkononi kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga. Mzee Kidole, mwelekezi wa zamani aliyekuwa akimwongoza kwa redio kutoka chini, alikuwa amelazwa tangu juzi kwa ajili ya mgongo, na Kunguru mwenyewe ndiye aliyemwambia msimamizi: nina shemeji yangu, ana akili, amefunga mizigo mwaka mzima, mpe redio.

"Shemeji, niazime koti. Kuna upepo," alisema shemeji.

"La mwaka jana liko wapi?"

"Si nililiazima?"

"Wewe unaita kuazima. Mimi niliyebaki bila koti naita kuaga." Alilivua akampa. "Haya. Kazi ni ile ile uliyokuwa ukimsikia mzee akiifanya. Mimi sioni nyuma ya ule ukuta wa lifti. Mzigo ukishapita pale, macho yangu ni mdomo wako."

"Nimeelewa."

"Umeelewa nini?"

"Kwamba leo lazima uniheshimu."

Kunguru alicheka, akapanda ngazi. Hakumuuliza atasimama wapi. Hilo alilikumbuka baadaye.

Ukuta wa lifti ulisimama katikati ya kiwanja kama kabati lililosahauliwa sebuleni. Kwa mtu aliyekaa kibandani, kushoto kulikuwa na geti, kulia kulikuwa na tangi jekundu la maji. Nyuma ya ukuta, upande wa geti, Fundi Pima alikuwa juu ya jukwaa la mabomba akijenga. Huyo alipima kila kitu mara tatu, hata mkate wake. Mzee Kidole miaka yote alisimama upande huo huo wa geti, kwenye kivuli, kwa sababu ya mgongo wake.

Saa nne walinyanyua fungu la nondo, tani moja na nusu. Kunguru alilipitisha juu ya ukuta, akaanza kulishusha. Likazama. Akabaki anaona waya tu.

"Shusha," redio ilisema. "Shusha. Polepole. Simama hapo. Sasa lete."

Kunguru akasogeza mkono wa kreni kushoto, kidogo.

"Lete, shemeji."

Akaongeza.

"Lete! Unapeleka wapi?"

"Si naleta!"

"Unapeleka! Lete huku!"

Akasogeza tena kushoto. Waya ukatetemeka, na redioni zikaingia kelele ambazo hazikuwa za shemeji. Mtu alipiga ukelele mmoja tu, mfupi, kama mlango uliobanwa.

Kunguru akaachia vishikio vyote viwili. Kreni ikatulia. Moyo wake haukutulia.

"Nini hicho?"

"Fundi Pima! Nondo zimembana ukutani! Miguu, shemeji, miguu! Lete basi, lete!"

"Nanyanyua."

"Usinyanyue! Ncha zimeingia chini ya bomba la jukwaa. Ukinyanyua unalibeba jukwaa lote na yeye juu yake!"

Jasho lilimshuka Kunguru mpaka kwenye kope. Kunyanyua ni kuua. Kukaa hivyo ni kumwacha mtu asagike miguu kila upepo unapoyumbisha mzigo. Yalibaki mawili, kushoto au kulia, na moja kati ya hayo lingemmaliza Fundi Pima.

"Lete!" shemeji alilia.

Mkono wa Kunguru ukaenda wenyewe kushoto. Aliuona ukienda, akauzuia kwa mkono wa pili. Kwa nini kushoto? Nani kamwambia kushoto? Shemeji kasema lete, na lete ni kuja kwa anayesema. Huyu anayesema amesimama wapi?

"Shemeji, uko wapi?"

"Niko hapa!"

"Hapa ni wapi?"

"Hapa, chini! Si hapa nilipo!"

"Mimi sikuoni, baba. Hapa yako siijui. Na huku yako siijui. Tulia. Geti liko mkono wako upi?"

"Geti silioni. Ukuta umeziba."

"Unaona nini?"

Redio ikakoroma. Nyuma yake Fundi Pima alisikika akiita mama yake, mtu wa miaka hamsini.

"Tangi," shemeji alisema. "Nimeegemea tangi."

Kunguru akafumba macho. Mzee Kidole alikuwa akisema lete kutoka upande wa geti, kila siku, miaka sita, mpaka neno likaacha kuwa neno likawa njia. Lete ikageuka kushoto. Na sasa lete ilikuwa inatoka kwenye tangi, na yeye alikuwa akiipeleka kwenye nyumba ile ile ya zamani, kama mtu anayempelekea barua jirani aliyekwisha kuhama.

"Umeenda kufanya nini kwenye tangi?"

"Upande wa pili wamemwaga matofali tangu jana! Ningesimama juu ya kichwa changu?"

"Sawa. Sikiliza. Neno lete tumelizika. Na peleka pia. Utaniambia tangi au geti, basi. Mzigo uende wapi?"

"Tangi."

"Rudia."

"Tangi! Mzigo uende kwenye tangi!"

Akasukuma kulia, kiasi cha upana wa kidole.

"Unaenda. Tangi. Tangi. Nondo zinatoka chini ya bomba... Tangi kidogo... Zimetoka! Simama!"

"Miguu yake?"

"Iko wazi. Anaitoa. Ametoa yote!"

"Sasa nanyanyua?"

"Nyanyua. Nyanyua, shemeji."

Waya ukapanda. Fungu la nondo likachomoza juu ya ukuta, linazunguka taratibu kwa upepo kana kwamba halikufanya kitu. Kunguru akaliweka chini kwenye uwazi, akazima mashine, akashuka.

Fundi Pima alikuwa amelazwa juu ya mbao. Mguu mmoja ulikuwa umevimba vibaya, lakini vidole vilicheza. "Nimepima," alisema kwa meno yaliyoumana. "Nilibakiza inchi moja."

Walipomwondoa, msimamizi alikuja na karatasi. Hakumtazama Kunguru, alimtazama shemeji.

"Huyu aende kwao leo hii. Mwelekezi gani anayeshindwa kusema neno moja sawasawa?"

Shemeji alishatoa redio mkononi. Alikuwa na watoto wawili na kodi ya nyumba.

"Alisema sawasawa," Kunguru alisema.

"Alisema lete, mzigo ukaenda."

"Kuja au kwenda hutegemea mtu amesimama wapi. Andika hivi: mwelekezi alikuwa kwenye tangi, akauita mzigo kwake. Mwendesha kreni hakuuliza alikosimama. Alimsikiliza kijana kwa masikio ya Mzee Kidole."

"Unajua nikiandika hivyo nani anakatwa?"

"Najua. Mimi ndiye niliyeketi juu."

Msimamizi akaandika. Kunguru akatia sahihi, akasimamishwa kazi wiki mbili. Redio ikarudi mkononi mwa shemeji, na jioni ile akapewa kopo la rangi aandike ukutani, kwa herufi kubwa, pande zote mbili: TANGI, GETI.

Wakiwa getini simu ya Kunguru ikaita. Ni dada yake, habari zimeshamfikia.

"Mume wangu mzima?"

"Mzima. Ananuka rangi."

"Mlete nyumbani, kaka. Usimwache njiani."

Mlinzi wa geti alikuwa akiuliza wanaelekea wapi. "Nampeleka huyu kwake," Kunguru alimjibu. Kisha akarudisha simu sikioni, na kwa dada yake, aliyesimama mlangoni akingoja, akasema, "Namleta."