Methali ya Subira kwa Mtoto wa Kifua

Nilimwambia. Nilimwambia mpaka mate yakanikauka, lakini Bwana Laiki alikuwa ametia pamba masikioni.

Bwana Laiki ndiye msimamizi wa ukurasa wa hospitali yetu mtandaoni. Jina hilo tumempa sisi wauguzi, kwa sababu hata akikusalimia, macho yake yako kwenye simu, anaangalia nani kapenda nini. Mimi niko wodi ya watoto. Kila wiki ananisimamisha mbele ya kamera: nachagua methali inayobeba ujumbe wetu, naitaja, halafu nawaeleza vijana maana yake na mahali pake pa kutumika. Vijana wananipenda. Wananiita Shangazi.

Wiki ile ujumbe ulikuwa mmoja: mtoto akipumua kwa shida, mlete siku hiyohiyo. Nikachagua ile methali ya ufa na ukuta, inayomkanya mtu anayepuuza tatizo likiwa bado dogo.

"Dada, vijana wa leo hawajui hata ufa ni kitu gani," akasema.

"Ndiyo maana nipo, niwaeleze!"

"Wakianza kufikiri, wanapita. Mstari wa kwanza ndio unaomnasa mtu."

Hapo alisema kweli. Simu inaonyesha mwanzo tu, mengine mpaka mtu abonyeze. Basi mwanzo huo usimame vizuri hata kwa yule asiyebonyeza. Nikamweleza hivyo, akaitikia "sawa, sawa," akaenda zake kuweka ile ya subira yavuta heri. Eti inapendwa na kila mtu! Tena hakuiandika pembeni, aliibandika kwa herufi kubwa juu ya video yenyewe, na chini yake uso wangu umetabasamu. Maelezo yangu yote akayakata.

Nilipoiona, damu ilinichemka. Nikashuka ngazi mbili mbili hadi ofisini kwake.

"Ifute."

"Haiwezekani. Maandishi yako ndani ya video, hayarekebishiki. Nikiifuta, watazamaji wote wamepotea, na hatujawahi kupata wengi hivi."

"Unawaambia mama wa watoto wagonjwa wasubiri!"

"Jamani, ni methali tu. Punguza presha."

Presha! Nikatoka nikaubamiza mlango, na kusema kweli ulinisaidia kidogo.

Kesho yake asubuhi akaingia binti mmoja mbio, kanga imemdondoka begani, mtoto kifuani. Mbavu za yule mtoto zilikuwa zinabonyea ndani kila akivuta pumzi, midomo imeanza kuwa ya buluu. Tukampokea, daktari akaja, oksijeni ikawekwa, dripu ikatundikwa, sindano ya dawa ikaingia. Mikono yangu ilifanya kazi yake. Moyo ulikuwa unapiga kelele.

"Kaanza lini, mwanangu?"

"Jana mchana." Akaniangalia vizuri, macho yakamtoka. "Wewe si yule Shangazi wa kwenye simu? Nilikuwa nishavaa nije. Nikaona umesema tuwe na subira, nikavua viatu."

Nilikwenda nikamkuta Bwana Laiki mezani kwake, nikamshika mkono kama mtoto aliyevunja sahani, nikapanda naye wodini mpaka kitandani.

"Huyu ni mfuasi wako," nikamwambia. "Ana miaka kumi na tisa, mtoto wake wa kwanza. Mweleze ile methali uliyomwekea. Mweleze hapa, mtoto wake akisikia."

Mtoto akavuta pumzi, mbavu zikabonyea. Bwana Laiki akanywea. Akatoa simu, na mbele ya macho yangu akaifuta ile video, watazamaji wake wote na laiki zao zote.

"Samahani, mama," akamwambia yule binti.

"Samahani yako itamtoa huyu oksijeni?" nikamuuliza. Nilikuwa sina huruma naye hata chembe. "Nenda kalete kamera. Tunarekodi upya, ya ufa, na neno langu hata moja hulikati."

Akaondoka mbio. Nikabaki nikirekebisha mpira wa oksijeni kwenye pua ndogo ile.

"Shangazi," binti akasema taratibu, "kwani ile ya subira ni ya nini basi?"

Hakuwa ananisuta. Alitaka kujua. Nikavuta kiti.

"Ni ya mtu aliyekwisha kufanya kila lililo mikononi mwake, mwanangu. Kalima, kapanda, kapalilia. Huyo ndiye anaambiwa atulie. Mwenye mgonjwa nyumbani haambiwi hivyo."

Akafikiri. Akaitazama dripu, akaitazama mashine ya oksijeni, akanitazama mimi.

"Sasa hivi nimeshamleta. Dawa imeshaingia."

"Imeshaingia."

Akavua viatu, akavisukuma chini ya kitanda, akaushika mguu wa mwanawe.

"Basi sasa ndiyo nasubiri," akasema.