Mjukuu Asiyetajwa Jina

Barua ya Signy Bjarnason ilikuwa fupi na yenye adabu. Alimwomba mkuu wa Idara ya Jiolojia amruhusu kuufanya baadaye mtihani wa katikati ya muhula wa somo la madini, kwa kuwa ulikuwa Ijumaa mchana, saa ileile ambayo bibi yake, Amma Steinunn, angezikwa kule Gimli. Bila ruhusa angepata sifuri. Na sifuri au la, kumzika Amma ilikuwa lazima.

Tatizo lilikuwa kiambatisho.

Bi Pelletier wa ofisi ya idara alivaa miwani yake, akaisoma tanzia iliyokatwa kwenye gazeti, akaivua, akaivaa tena.

"Binti, pole sana. Lakini taratibu zinataka ushahidi wa kifo na wa undugu. Kifo nakiona. Wewe sikuoni."

"Nipo hapo mwisho."

Bi Pelletier akasoma kwa sauti: "'Ninaacha watoto watatu, paka mmoja mwenye akili kuliko wote watatu, na wajukuu Einar, Freyja, Kári na Dísa. Yupo na wa tano, aliyepaka aisingi juu ya vínarterta Krismasi iliyopita mbele ya wageni. Jina lake silitaji.'" Akainua macho. "Nani aliandika hii?"

"Yeye mwenyewe. Hakumwamini mtu."

Huko kwao Gimli, vínarterta ni keki ya tabaka saba zilizopakwa jamu ya plamu kavu, na juu haiwekwi kitu. Wako wanaoweka aisingi, ule urojo mweupe wa sukari, ndiyo, na ndugu zao huwasalimia kwa shida. Signy aliionja kwa rafiki yake, akaipenda, akadhani ataleta maendeleo nyumbani. Amma aliitazama ile keki nyeupe, akasema ataitupa, na tangu siku hiyo akamwita Signy "yule msichana". Aliyaacha mambo hivyo mpaka kifo kikamkuta, na hilo ndilo lililomuuma Signy kuliko mtihani wowote.

"Jina la ukoo si ni lilelile?" akajaribu.

"Bjarnason hapa Manitoba wamejaa tele. Cheti cha kuzaliwa cha baba yako?"

"Kipo kwa baba, na baba yuko njiani kutoka Yukon."

"Basi mpigie mtu wa familia, nimsikie."

Signy akampigia Shangazi Lauga, akaweka simu mezani.

"Shangazi, niko chuoni. Waambie mimi ni nani kwa Amma."

"Wewe?" Sauti ikajaa ofisi. "Wewe ndiye uliyemwaibisha mama yangu mbele ya mchungaji! Aisingi, Signy! Nene kama plasta ya ukutani! Mchungaji alikula vipande viwili kwa adabu tu!"

"Mama, tunathibitisha undugu," Bi Pelletier akaingilia.

"Undugu gani tena? Damu yetu kabisa, ndiyo maana inauma. Mgeni angesamehewa."

Mlango wa ndani ukafunguka. Profesa Okrent, mkuu wa idara, alitoka na kikombe chake cha kahawa, akauliza ni nani anayegombana. Akapewa barua na tanzia. Alisoma polepole, mabega yakaanza kumtikisika, akajifanya anakohoa.

"Bibi huyu hakutaka kabisa kuondoka bila kumtaja mjukuu wake," akasema. Akamuuliza mwalimu wa somo kwa simu, wakapanga mtihani mwingine Jumatano inayofuata, akatia sahihi. "Nenda ukamzike bibi yako."

"Na aisingi usipeleke," Bi Pelletier akaongeza, akigonga muhuri.

Ijumaa walimzika Amma kwenye upepo wa ziwa lililoganda, kisha wakarudi nyumbani kwake kunywa kahawa. Vínarterta zilipangwa mezani, zote bila aisingi, zote za heshima. Signy alikaa pembeni na paka. Hakuna aliyemsema, na hilo lilimuumiza zaidi.

Shangazi Lauga alienda kwenye friza kutafuta nyingine. Alikawia. Aliporudi alikuwa ameshika kifurushi cha karatasi ya foili kilichoandikwa kwa mwandiko wa Amma: MAINI. WATU WASIGUSE.

Akakifungua mbele yao. Ndani mlikuwa na kipande kimoja tu cha keki, chembamba, chenye aisingi nyeupe juu, nene kama plasta.

"Alituambia ameitupa," Lauga akasema.

Kumbe keki yote iliyobaki aliila mwanamke peke yake, kidogo kidogo, tangu Krismasi.

Lauga akakitazama kile kipande, akamtazama mpwa wake, akakiweka kwenye sahani nzuri na kumsogezea. "Kula," akasema. "Kwanza nikatie kidogo."

Signy akakikata huku akilia na kucheka. Kipande cha Lauga akakikata kikubwa.