Taya la Kavira Lilipogoma

Placide alifika Kasongo siku ya Jumanne, saa kumi jioni, matope yakiwa yamempanda hadi magotini. Alikuwa amelala njiani, Lusangi, kwa sababu maji yalikuwa yamebeba daraja la miti, na asubuhi watu wanne wakaivusha pikipiki yake kwa mabega. Hakuwa ameiona nyumba yake kwa miezi minne. Aliuza vipuri vya pikipiki Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu. Mkewe Kavira alibaki Kasongo na binti yao Naomie wa miaka saba, akishona nguo za watu barazani.

Kavira alimpokea vizuri. Alimtua mzigo, akamwekea maji ya kuoga. Lakini hakucheka. Kavira aliyemfahamu yeye alicheka kwa mdomo mzima hadi majirani wakauliza kuna nini. Huyu wa leo alitabasamu midomo ikiwa imefungwa.

Walipokaa kula, alimwekea mumewe ugali, sombe ya majani ya muhogo na nyama ya mbuzi. Yeye mwenyewe akashika kibakuli cha wali uliopikwa ukalegea kama uji, na maharagwe yaliyopondwa.

"Mbona hatuli sahani moja?" Placide akauliza.

"Nimezoea hivi."

Simu ya Kavira ikalia kidogo ikanyamaza. Kavira hakuishika. Aligeuza uso, akashusha mabega, akapumua polepole. Baada ya saa moja ikalia tena vilevile, naye akafanya vilevile.

"Nani anakupigia?"

"Hapana mutu. Ni saa tu."

Asubuhi Placide alimkuta dirishani na kioo kidogo, ncha ya ulimi imegusa juu ya kinywa, akifungua mdomo polepole na kuufunga, vidole viwili vikiwa mashavuni. Alipomwona mumewe alikiweka kioo chini ya vitambaa. Placide alitoka akaketi nje, na moyo wake ukaanza kuhesabu: mwanamke anakula peke yake, simu inalia bila mtu kujibu, uso unachunguzwa kwenye kioo, kicheko kimekwisha. Machimboni alikuwa ameona wanaume wengi wakirudi nyumbani na kukuta viatu vya mtu mwingine mlangoni. Aliwacheka. Sasa alijikuta akitazama viatu vya mlangoni kwake.

Naomie ndiye aliyemalizia. Alikuja na daftari lake la shule, akaegemea goti la baba yake.

"Papa, kesho mama anaendaka kwa dokta Théophile. Kila Alhamisi anaenda."

"Dokta gani?"

"Wa hospitali. Mama anasema iko na mikono ya pole."

Maneno hayo yalimkaa Placide kifuani siku nzima. Mikono ya pole. Aliitazama mikono yake mwenyewe, imepasuka kwa mafuta na minyororo. Jioni akamwuliza Kavira kama kuna jambo la kumwambia.

"Iko," Kavira akajibu bila kumtazama. "Lakini si leo. Nitakuambia."

"Kwa nini si leo?"

Alikaza uso, akashika shavu la kulia, akaingia ndani. Placide akaona kwamba ni aibu inayomkimbiza.

Alhamisi Kavira alivaa kitenge chake cha samawati, kile cha misa. Placide alimwacha atangulie, kisha akamfuata kwa mbali hadi hospitali. Watu wa huko humwita Théophile dokta, ingawa yeye ni muuguzi aliyesomea meno. Chumba chake kiko mwisho wa baraza, na mlango una pazia tu. Placide akasimama. Kupitia upenyo aliona mkewe amekaa kitini, macho amefumba, na mwanamume mrefu, amenyoa vizuri, amesimama mbele yake, mikono yote miwili kwenye mashavu yake, akiyasugua kwa vidole taratibu.

Alilivuta pazia hadi kamba yake ikakatika.

"Toa mikono yako kwa bibi yangu."

Kavira alishtuka, akataka kupiga kelele. Mdomo ukafunguka kidogo, kidevu kikapinda kulia, ukakwama hapo. Akashika mbele ya sikio, machozi yakamtoka. Placide alikuwa amenyanyua ngumi. Aliuona uso ule uliopinda, na ngumi ikabaki hewani.

Théophile hakurudi nyuma. Alimwinamia Kavira kwanza. "Mama, usilazimishe. Funga. Ulimi juu, meno yasigusane. Pumua." Halafu akamgeukia Placide. "Wewe ndiye Papa Naomie? Mara tatu nimemwambia akulete. Kaa."

Placide alishusha ngumi, akakaa.

"Fungua mdomo," Théophile akamwambia. "Simamisha vidole vyako vitatu, viingie katikati ya meno ya juu na ya chini."

"Mimi si mgonjwa."

"Ndiyo sababu nataka uanze wewe."

Vidole vitatu vya Placide viliingia bila shida. Kavira akaombwa afanye hivyo kwa vidole vyake. Viwili viliingia kwa kubanwa. Cha tatu kiligonga meno.

"Siku ya kwanza kilikuwa kimoja na nusu," Théophile akasema. Akauchukua mkono wa Placide, akaweka kidole chake mbele ya sikio la kushoto la Kavira. "Fungua pole, mama." Placide alisikia chini ya ngozi kitu kikiteleza mbele, laini. Akahamishiwa upande wa kulia. Huko kitu kilianza kwenda, kikasimama, na Kavira akakunja uso.

"Hapo ndipo taya linaunganika na kichwa. Katikati ya mifupa iko kisahani kidogo, kigumu lakini kinapindika, kinateleza pamoja na taya. Chake kilihamia mbele. Mwanzo, akifungua, kilikuwa kinarudi mahali pake, na ndiyo ile kelele, tak. Asubuhi moja hakikurudi. Kelele ikaisha, na mdomo ukakataa kufunguka."

Placide aliikumbuka ile tak. Mwezi wa tatu, Kavira alipomtembelea Salamabila, alikuwa ameisikia mezani, akamtania kwamba anatafuna mawe. Kavira alilalamika kuhusu sikio na jino la mwisho. Naye Placide akampeleka kwa mtu wa koleo, mng'oa meno wa nyuma ya soko, aliyemfungua mdomo muda mrefu akivuta huku na huku hadi jino likatoka.

"Jino lile lilikuwa zima," Théophile akasema, kana kwamba amemsikia anavyowaza. "Maumivu hayakutoka kwenye jino. Na kule kuvutwa kuliongeza ugonjwa."

"Ndiyo sababu sikukuambia," Kavira akasema polepole, kwa mdomo mdogo. "Nilijua utanipeleka tena kwa koleo. Wewe ukiona kitu kimekwama, unakipiga nyundo."

Placide akauliza kama hakuna sindano, kama hakuna upasuaji. Alikuwa tayari kumpeleka Bukavu.

"Miezi mitatu ikipita bila mabadiliko, mimi mwenyewe nitaandika barua mwende. Lakini wengi hupata nafuu bila kisu. Chakula laini, vipande vidogo. Muwa hapana, karanga hapana, muhindi wa kuchoma hapana. Kitambaa cha maji ya moto kwa robo saa, asubuhi na jioni. Dawa ya maumivu alikunywa siku chache tu, baada ya kula. Mbele ya kioo anafungua taya likiwa limenyooka, anaishia pale maumivu yanapoanza. Na simu inalia kila saa kumkumbusha aachanishe meno. Mutu akiwa na mawazo anauma meno mchana kutwa bila kujua, na misuli inachoka."

"Mawazo gani?" Placide akauliza.

Théophile akaokota pazia sakafuni. "Hayo muulize nyumbani."

Walitembea hadi karibu na shule. Placide alikuwa ameelewa kila kitu, na bado wivu haukumtoka. Ulikuwa umebadilika tu. Kumbe mtu mwingine alijua ni wapi mke wake anaumia, alijua hadi upana wa mdomo wake kwa hesabu ya vidole, na yeye, mumewe, alijua tu kwamba kicheko kimepotea. Jambo hilo lilimchoma kuliko viatu vya mgeni mlangoni.

"Mawazo gani, Mama Naomie?" akauliza tena.

Kavira alisimama. "Olga."

Olga alikuwa na mgahawa Salamabila. Alimpikia Placide na kumfulia nguo.

"Nilipokuja mwezi wa tatu, alikuita 'mume wangu' mbele yangu, na wote mkacheka. Nikacheka pia. Lakini niliporudi huku, kila asubuhi niliamka na meno yamebanana, kichwa kinauma hapa pembeni. Nilikuwa nawatafuna nyinyi wawili."

"Sikulala naye."

"Sikukuuliza hilo. Nauliza kwa nini ulimwacha aseme."

Placide alitafuta uongo mzuri, akakosa. "Kwa sababu ilinipendeza," akasema. "Wanaume wenzangu walinionea wivu."

Kavira akaendelea kutembea. Hakulia wala hakumtukana. Siku mbili hakuzungumza naye ila kuhusu mtoto na maji.

Siku ya tatu Placide alipasha maji mwenyewe, akakunja kitambaa, akamletea barazani. Kavira alikipokea. Wiki iliyofuata alimruhusu kusugua misuli ya shavu, na mara ya kwanza akaiondoa mikono yake kwa sababu ilikandamiza kama inafungua nati. "Pole kidogo," akamwambia. "Si gurudumu hili." Placide akajifunza. Alimpigia simu Dady, mwenzake wa duka, aendelee peke yake. Na kwa Olga alituma ujumbe kwamba asimwite tena kwa jina lile. Kavira aliusoma kabla haujaenda, akabadilisha neno moja lililokuwa na asali nyingi.

Kila Alhamisi Placide alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha Théophile. Alikuwa amelirudisha pazia kwa kamba mpya. Akisikia sauti ya yule mwanamume ikisema "vizuri, mama," alikaza macho kwenye pazia, na alijua kwamba si sauti ile peke yake inayomkera, ni yeye mwenyewe pia, aliyechelewa kuona. Hakuingia.

Ilipofika mwezi wa tisa, vidole vitatu vya Kavira viliingia. Kelele ya tak ilikuwa imerudi, ndogo, bila maumivu, na Kavira akaogopa. Théophile alimwambia kwamba taya linalotoa kelele bila kuuma wala kukwama halihitaji matibabu. Aendelee na mazoezi, akipiga miayo ashikilie kidevu kwa ngumi, na arudi mambo yakibadilika.

Placide alianza kufunga mizigo ya kurudi Salamabila. Kavira alikuwa akikunja sare za shule alizoshona, akampitishia shati moja alishike.

"Mimi na Naomie tutakuja shule zikifungwa," akasema. "Nitakula pale kwa Olga. Nataka anipikie mimi, na wewe ukae pembeni yangu."

"Na akikataa?"

"Hatakataa. Ni mfanyabiashara."

Placide alitaka kucheka, akamtazama kwanza kuona kama inaruhusiwa. Kavira alikuwa ameshika sare nyingine, akitafuta mshono uliofumuka kwenye bega.